Kabla ya Kuwapeleka Watoto Mashambani: Tembe, Neti na Dawa ya Kujipaka

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, familia nyingi za Lindi na mitaa mingine ya Kibera, pamoja na zile za Kawangware, hupanda basi kuelekea Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga na Bungoma. Ni safari ya kwenda nyumbani, kwa hivyo wengi hawaihesabu kuwa safari ya hatari. Lakini kwa upande wa malaria, tofauti ya mahali tunapotoka na mahali tunapokwenda ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2020 kuhusu malaria ulionyesha kwamba katika ukanda wa Ziwa Viktoria, karibu mtoto 1 kati ya kila 5 waliopimwa alikuwa na vimelea vya malaria mwilini. Katika maeneo yenye hatari ndogo, ambayo Nairobi ni mojawapo, ilikuwa chini ya mtoto 1 kati ya 100.

Makala haya yanaeleza jinsi familia inavyoweza kuchagua kinga yake kabla ya safari hiyo, nani anafaa kumeza nini, na kwa nini hatari haiishi siku mnaporudi Nairobi.

Kwa nini mgeni huugua kuliko mwenyeji

Mtu anayeishi katika eneo lenye malaria nyingi huumwa na mbu mwenye vimelea mara kwa mara tangu utotoni. Mwili wake hujifunza kupambana navyo polepole. Haupati kinga kamili, lakini akiwa mtu mzima anaweza kuwa na vimelea bila kulazwa. Kinga hiyo hudumu kwa kurudiwarudiwa. Aliyezaliwa Ugenya na kuishi Nairobi kwa miaka 10 amepoteza sehemu kubwa yake. Mtoto aliyezaliwa Lindi hakuwahi kuipata.

Mbu tunaowasikia usiku Kibera wengi ni wale wanaozaliana katika mitaro ya majitaka. Wanasumbua, lakini hawaambukizi malaria. Kwa hivyo mtoto wa Lindi anaweza kuumwa kila siku na asipate malaria hata mara moja, na mzazi akadhani kwamba amezoea mbu. Mwili wake haujazoea vimelea hata kidogo. Ndiyo sababu binamu wawili wanaweza kulala mkeka mmoja Desemba, yule wa kijijini akaamka salama na yule wa Nairobi akapata malaria kali.

Watoto wa umri mdogo katika kaunti kadhaa za magharibi pia hupewa chanjo ya malaria kliniki, mpango ulioanza nchini mwaka wa 2019. Chanjo hiyo hupangiwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria nyingi na hutolewa kwa dozi kadhaa zinazoachana kwa miezi. Haiwezi kuwa kinga ya haraka ya mtoto anayekwenda kutembea kwa wiki tatu, na hata aliyechanjwa bado hulala ndani ya neti.

Neti: tatizo ni mahali mgeni anapolala

Mbu wanaoambukiza malaria huuma zaidi usiku, hasa saa ambazo watu wamelala. Kwa sababu hiyo neti yenye dawa ndiyo kinga ya kwanza kwa kila mtu, awe anameza tembe au la.

Kaunti za ukanda wa ziwa hugawiwa neti bila malipo katika kampeni za kila baada ya miaka michache, kwa hesabu ya neti 1 kwa watu 2 wa boma. Hesabu hiyo haina wageni. Familia ya watu wanne inapofika, vitanda vyenye neti vina wenyewe, na mara nyingi wazazi huachiwa kitanda kwa heshima. Watoto hulazwa sebuleni kwenye godoro pamoja na binamu zao, mahali ambapo hapajawahi kutungikwa neti. Yaani wale wasio na kinga ndio wanaolala nje ya neti.

Suluhisho ni kubeba neti zenu, moja kwa kila watu wawili, na kuuliza kwa simu kabla ya safari watoto watalala wapi. Nunua neti iliyotiwa dawa kiwandani. Ifungue na uitungike kivulini kwa saa 24 kabla ya kuitumia mara ya kwanza, kwa sababu neti mpya inaweza kuwasha ngozi na macho. Fanya hivyo Nairobi kabla ya kuifunga kwenye mzigo. Beba pia kamba ya mita 10 hivi na misumari michache. Neti ya mviringo hutungikwa kwa ndoano moja juu ya godoro na hufaa zaidi sebuleni, kwa kuwa asubuhi hukunjwa na kuinuliwa juu. Neti ya pembe nne huhitaji kamba nne, lakini huwapa watoto nafasi ya kujigeuza bila kugusa kitambaa.

Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote. Godoro likiwa sakafuni, chagua neti ndefu ili iweze kuingia chini yake. Kabla ya kulala, imulike kwa tochi ukitafuta matundu, kisha uyashone au uyafunge fundo. Neti ikichafuka, ioshe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kisha uianike kivulini. Dawa ya kutoa madoa na jua kali huiharibu dawa iliyomo.

Dawa ya kujipaka: kutoka magharibi hadi kulala

Neti haimlindi mtu aliyekaa uani akila chakula cha jioni. Muda huo, kuanzia jua linapozama hadi kitandani, ndio wa dawa ya kufukuza mbu inayopakwa kwenye ngozi. Ni muhimu zaidi kwenye matanga, ambako watu hukesha nje usiku kucha.

Unaponunua, soma lebo badala ya kuangalia picha ya mbu. Dawa iliyochunguzwa kwa miaka mingi zaidi ni ile inayoandikwa DEET. Asilimia iliyo kando ya jina hilo hueleza kinga itadumu muda gani. Iliyo chini ya asilimia 10 hukulinda kwa saa 1 hadi 2 tu, kwa hivyo ukijipaka saa kumi na mbili jioni, kufikia saa mbili usiku imekwisha. Yenye asilimia 20 hadi 30 hudumu saa kadhaa, na inatosha jioni ya kawaida. Anayekesha matangani ajipake tena kati ya usiku. Jasho na maji huiondoa mapema.

Paka ngozi yote isiyofunikwa, hasa vifundo vya miguu na nyayo, kwa sababu mbu hawa hupenda kuruka chini. Mzazi aimimine kwenye viganja vyake kwanza, kisha ampake mtoto, bila kugusa macho, mdomo wala mikono ya mtoto, kwa kuwa mikono huishia mdomoni. Asipakwe mtoto wa chini ya miezi 2; yeye akae ndani ya neti. Mama mjamzito anaweza kuitumia. Suruali ndefu, soksi na shati la mikono mirefu hupunguza sehemu ya kupaka. Dawa ya kuchoma ya mzunguko hupunguza mbu kiasi, lakini haichukui nafasi ya neti, na moshi wake si mzuri katika chumba kilichofungwa wanamolala watoto.

Tembe: tatu, na kila moja ina mwenyewe

Hata familia makini itaumwa mahali fulani. Tembe za kinga huua vimelea vilivyopita neti na dawa ya kujipaka kabla havijaongezeka na kuleta ugonjwa. Aina tatu ndizo zinazotumika kwa wasafiri wasio na kinga. Zote hutolewa baada ya mhudumu wa afya kuuliza umri, uzito, ujauzito na dawa nyingine unazotumia.

Ya kwanza ni atovakwoni-proguanili. Huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari, humezwa kila siku pamoja na chakula au maziwa, na huendelea kwa siku 7 baada ya kurudi. Ina tembe ndogo za watoto zinazopimwa kwa uzito. Haipendekezwi kwa mjamzito, na huwa ghali kuliko nyingine.

Ya pili ni doksisaiklini. Nayo huanzwa siku 1 au 2 kabla na humezwa kila siku, lakini huendelea kwa wiki 4 baada ya kurudi. Bei yake ni nafuu. Haipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Hufanya ngozi iungue haraka juani, na ikikwama kooni huchoma, kwa hivyo imezwe na glasi nzima ya maji na mtu asilale mara moja.

Ya tatu ni meflokwini, ambayo humezwa mara 1 kwa wiki. Huanzwa wiki 2 hadi 3 kabla ya safari na huendelea kwa wiki 4 baada ya kurudi. Inaweza kutumiwa na watoto na wajawazito, lakini haipewi mtu mwenye kifafa au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, ikiwemo sonona. Inaweza kuleta ndoto mbaya, kizunguzungu au wasiwasi. Kuianza mapema kunasaidia kujua kama inamfaa mtu huyo kukiwa bado na muda wa kubadilisha.

Watu wengi huuliza kwa nini moja huishia siku 7 na nyingine wiki 4. Mbu anapouma, vimelea huenda kwanza kwenye ini na kukaa huko karibu wiki moja, kisha humwagika kwenye damu, na hapo ndipo homa huanza. Atovakwoni-proguanili huviua hata vikiwa ndani ya ini. Doksisaiklini na meflokwini hungoja vitoke kwenye damu. Ukiumwa usiku wa mwisho kijijini kisha uache doksisaiklini siku unayoshuka basi Nairobi, vimelea vitatoka kwenye ini vikute damu haina dawa. Tembe za baada ya safari ndizo zinazozuia ugonjwa wa usiku ule wa mwisho.

Kuna desturi ya kumeza dozi ya AL, ile dawa ya kutibu malaria, kabla ya safari au baada ya kurudi kama kinga. AL ni ya mtu aliyepimwa na kupatikana na malaria. Ni dozi 6 kwa siku 3, na haikai mwilini kwa muda wa kutosha kulinda likizo ya wiki tatu. Klorokwini nayo haifai kwa kinga ya safari hii. Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka wa 1998 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea.

Mfano wa familia moja

Chukua familia ya Lindi inayokwenda Siaya tarehe 12 Desemba na kurudi tarehe 2 Januari. Kuna baba, mama mwenye mimba ya miezi 5, msichana wa miaka 9 mwenye kilo 27, na mvulana wa miaka 3 mwenye kilo 13.

Mvulana hawezi kupewa doksisaiklini kwa sababu ya umri. Daktari akimchagulia atovakwoni-proguanili, uzito wake unaangukia kati ya kilo 11 na 20, yaani tembe 1 ya watoto kwa siku. Dada yake yuko kati ya kilo 21 na 30, kwa hivyo ni tembe 2 za watoto kwa siku. Wataanza tarehe 11 Desemba na kumaliza tarehe 9 Januari. Hizo ni siku 30: siku 1 ya kabla, siku 22 za kusafiri na kukaa, na siku 7 za baada. Mvulana anahitaji tembe 30 na msichana 60. Mtoto akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, apewe nyingine, kwa hivyo ongeza chache.

Baba anaweza kuchagua. Akitaka bei nafuu, atatumia doksisaiklini kuanzia tarehe 11 Desemba hadi tarehe 30 Januari, jumla ya vidonge 51. Akijua kwamba atasahau akisharudi kazini, heri alipie atovakwoni-proguanili 30 na amalize pamoja na watoto.

Mama ndiye wa kufikiriwa zaidi. Malaria katika ujauzito inaweza kumpunguzia damu, kuharibu mimba au kusababisha mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Ushauri wa kwanza kwake ni kuahirisha safari ikiwezekana. Isipowezekana, tembe mbili za kwanza hazimfai, na meflokwini itaamuliwa na daktari. Akiruhusiwa, ataanza tarehe 21 Novemba na kumeza kila Jumamosi hadi tarehe 30 Januari, jumla ya tembe 11, tukichukua kwamba tarehe 12 Desemba ni Jumamosi. Maana yake ni kwamba familia hii haiwezi kungoja hadi wiki ya safari. Inahitaji kumwona mhudumu mapema Novemba.

Katika kaunti zenye malaria nyingi, wajawazito hupewa kliniki dawa ya SP kwa vipindi. Mama aende na kijitabu chake cha kliniki na aeleze yote anayotumia huko na huku, kwa maana baadhi ya dawa, kama septrini, hazipaswi kuchanganywa na SP.

Vivyo hivyo, mtu mwenye ugonjwa wa selimundu asibadilishe chochote bila daktari wake. Wengi wao tayari humeza proguanili kila siku kama kinga ya kudumu.

Je, simu ya msiba ikija leo na mnasafiri kesho? Meflokwini imeshapitwa na wakati, lakini atovakwoni-proguanili au doksisaiklini inaweza kuanzwa siku moja kabla. Kama hata hiyo haipatikani, beba neti na dawa ya kujipaka, na ukumbuke sehemu inayofuata.

Hatari inayorudi nanyi kwenye basi

Kwa kawaida homa ya malaria haiji mapema kuliko siku 7 baada ya kuumwa, na mara nyingi huja kati ya siku ya 9 na ya 14. Katika mfano wetu, aliyeumwa usiku wa kuamkia Mwaka Mpya ataanza kuugua karibu tarehe 9 hadi 14 Januari. Wakati huo shule zimefunguliwa, na safari imeshasahaulika. Mtoto ana homa, kichwa kinamuuma, anatapika kidogo. Mzazi anadhani ni mafua au chakula kibaya. Mhudumu wa Nairobi, ambaye huona malaria kwa nadra, naye anaweza kufikiria homa ya matumbo kwanza.

Sentensi moja hubadilisha hayo yote. Mwambie mhudumu kabla hajauliza: "Tulikuwa Siaya, tulirudi tarehe 2." Kisha uombe kipimo cha malaria. Tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa kipimo cha haraka ndani ya dakika 15 hadi 20, au damu huangaliwa kwa darubini. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna vimelea na homa ikaendelea, rudi upimwe tena kesho yake. Fanya hivyo kwa homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, hata kwa aliyemeza tembe zote, kwa sababu hakuna tembe inayokinga kwa asilimia 100. Aliyekuwa anameza tembe za kinga ataje jina lake, ili asitibiwe kwa dawa ileile.

Mkiwa bado kijijini, msingoje kurudi Nairobi ndipo mpime. Kwa mtoto asiye na kinga, homa ya leo asubuhi inaweza kuwa degedege kesho usiku. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, anayepumua kwa shida, aliyepauka sana, anayekojoa mkojo mweusi au asiyeamka vizuri ni wa kukimbizwa hospitali usiku uleule.

Wakazi wa Kibera wanaweza kupata ushauri wa safari katika Hospitali ya Kaunti ya Mbagathi, na wa Kawangware katika Kituo cha Afya cha Riruta, au kumwuliza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao wapi pa kuanzia. Enda na tarehe za safari, uzito wa kila mtoto, kijitabu cha kliniki cha mama na majina ya dawa ambazo kila mmoja anatumia. Tembe za kinga kwa kawaida hununuliwa kwenye duka la dawa lililosajiliwa, kwa hivyo ulizia bei ya dozi nzima, pamoja na siku za baada ya kurudi, kabla ya kulipia nauli.